SOMO: Kuandika tangazo la apatimenti ndogo karibu na chuo bila kudanganya kuhusu maji na umbali

Ninaandika somo hili kwa sababu kila muhula unapokaribia ninaulizwa jambo lilelile. Mfano ni apatimenti yangu hapa Iringa, upande wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa: chumba kimoja, sebule ndogo, jiko, na choo ndani.

Hatua ya 1. Taja vyumba, kodi, miezi inayolipwa mbele, na kama LUKU ni ya peke yake au ya kuchangia.

Hatua ya 2. Pima umbali kwa miguu, kutoka mlangoni hadi kwenye geti ambalo wanafunzi hulitumia kweli. Usipime kwa jicho wala kwa mstari ulionyooka wa ramani, kwa maana mji wetu ni wa milima. Kwangu kwenda ni dakika 18 kwa sababu ya mwinuko, na kurudi ni 13. Ninaandika zote mbili.

Hatua ya 3. Maji. Hapa ndipo nilipoharibu. Tangazo langu la kwanza niliandika mwezi wa Aprili, mvua zikiwa bado zinanyesha na bomba likitoa maji kila nilipolifungua, nikaandika “maji saa 24”. Wanafunzi wawili wakahamia. Ilipofika Oktoba, maji yakawa ya mgao, yakija usiku wa Jumanne na wa Ijumaa tu. Nilijifariji kwamba simtanki la lita 1,000 lingetosha, lakini lilihudumia apatimenti tatu zenye watu sita, na kila mtu alitumia takriban lita 40 kwa siku, yaani lita 240 kwa wote. Kutoka Jumanne hadi Ijumaa ni siku tatu, lakini kutoka Ijumaa hadi Jumanne ni siku nne, ambazo zinahitaji lita 960. Kwa hesabu yanatosha. Kwa kweli hayatoshi, kwa sababu bomba la kutolea maji liko juu kidogo ya kitako cha tenki, hivyo maji ya chini hayatoki, na Jumamosi ni siku ya kufua. Jumatatu asubuhi tenki lilikuwa kavu, na wapangaji wangu walikuwa na mtihani. Walihama, nami nikawarudishia kodi ya miezi miwili.

Kwa hiyo, usipige hesabu kwa wastani wa wiki. Tumia pengo refu kuliko yote, katika mwezi mkavu kuliko yote. Kama nyumba ni mpya kwako, waulize majirani wanaochota, siyo dalali. Tahadhari nyingine: fungua koki iliyo kabla ya tenki, kwa maana koki ya jikoni inaweza kuwa inatoa maji ya tenki huku bomba la mtaani likiwa kavu.

Sasa tenki langu ni la lita 2,000, na tangazo langu linasomeka hivi:

“Chumba, sebule, jiko na choo ndani. Kutembea hadi geti la Mkwawa ni dakika 18 kwenda (kuna mwinuko) na 13 kurudi. Kuanzia Septemba hadi mvua zinapoanza, maji huja mara mbili kwa wiki. Tenki la lita 2,000 huhudumia watu sita. Kodi ni shilingi 120,000 kwa mwezi, miezi mitatu mbele. LUKU ni ya peke yake.”

MASWALI YA WANACHAMA

Mjasiri: Mkuu, kodi ni shilingi ngapi?

Jibu: Imo ndani ya tangazo.

Mwenye Nyumba: Ukiandika mgao, wateja watakimbia. Wenzako wote huandika “maji yapo”.

Jibu: Wawili walinipigia wakaghairi, na wa tatu alilipa siku hiyohiyo akijua anachokilipia. Niliowarudishia fedha ni wale niliowaandikia uongo.

Dada wa Kihesa: Samahani kaka, naomba kuuliza. Tenki langu liko juu ya mnara mfupi, na shawa ya umeme haiwaki maji yanapotoka kwenye tenki, ingawa huwaka yanapotoka bombani. Je, niiandike kwenye tangazo?

Jibu: Swali zuri sana, dada yangu. Shawa nyingi za umeme hazijiwashi presha ikiwa ndogo, na presha ya tenki hutokana na kimo chake tu: kila mita moja juu ya shawa hutoa takriban baa 0.1. Pima kutoka usawa wa maji hadi kichwa cha shawa. Ikiwa ni mita moja au pungufu, inua mnara au weka pampu ndogo, ukikumbuka kwamba umeme ukikatika pampu nayo husimama. Kabla ya kurekebisha, usiandike “maji moto”. Kwa baridi yetu ya Juni na Julai, mpangaji atagundua siku ya kwanza.

Mzee wa Ipogolo: Bili ya maji mnagawanaje?

Jibu: Kwa vichwa, siyo kwa vyumba, na wageni wa zaidi ya wiki wanahesabiwa. Nimefunga dira ndogo kwa kila apatimenti mwaka huu, na ugomvi umepungua.

Mjasiri: Hiyo 120,000 inapungua?

Jibu: Haipungui.