Soma ratiba ya tamasha la mwaka juzi

Ukitafuta filamu nzuri zisizovuma, usianze na ratiba ya tamasha la mwaka huu. Nyingi bado hazijapata msambazaji. Fungua ya miaka 2 au 3 iliyopita, maana zilizobahatika kununuliwa sasa zinapatikana. Ruka filamu ya ufunguzi, nenda kwenye vipengele vya pembeni: filamu za kwanza za waongozaji, au za zamani zilizokarabatiwa, kama zile za tamasha la Il Cinema Ritrovato kule Bologna, Italia. Kisha linganisha na orodha ya shabiki anayefuatilia aina hiyo ya filamu tu. Filamu ikijitokeza kote kuwili, itafute kwa jina la mwongozaji na jina la asili la filamu yenyewe, kwa sababu la kimataifa hubadilishwa ovyo. Muhtasari wa tamasha usiuamini sana. Huo ni tangazo.