Somo: Kwa nini mkaa hauwaki ukiwa guniani? Kasi ya mmenyuko na nadharia ya migongano

Gunia la mkaa linaweza kukaa stoo mwaka mzima bila kushika moto. Na si kwamba oksijeni haiufikii mkaa huo. Hewa imeujaa kila upenyo, na molekuli za oksijeni zinaugonga usiku na mchana. Ingekuwa kila mgongano unazaa mmenyuko, hakuna ambaye angethubutu kuweka mkaa ndani ya nyumba.

Naanza hapa kwa sababu kila mwaka nasahihisha majibu yaleyale. Swali liwe la ukolezo, liwe la halijoto, mwanafunzi anaandika "chembe hugongana mara nyingi zaidi" na kuweka nukta. Kwenye ukolezo jibu hilo linatosha. Kwenye halijoto limeacha jambo kubwa zaidi, na ndilo ninalotaka tulifikie leo.

Hatua ya 1: Washa njiti ya kiberiti

Chukua njiti, isugue ubavuni mwa kasha polepole sana. Haiwaki. Sasa igeuze, usugue kwa nguvu ule upande wa mti usio na dawa. Haiwaki pia, hata ukiivunja. Igeuze tena, sugua upande wa dawa kwa nguvu ya kawaida, nayo inalipuka.

Nadharia nzima imo humo. Ili chembe mbili zimenyuke, lazima kwanza zigongane. Pili, zigongane zikiwa na nishati ya kutosha kukata vifungo vya zamani, na kiwango hicho cha chini tunakiita nishati ya kuanzisha mmenyuko. Tatu, zikutane kwa pande zinazofaa. Mgongano uliotimiza masharti hayo ndio mgongano wenye matunda. Mingine yote chembe hudundana na kuachana, kama oksijeni na mkaa kule stoo.

Hatua ya 2: Andaa jaribio la X

Chora X kwa kalamu nyeusi kwenye karatasi nyeupe, weka bika juu yake. Mimina sm³ 50 za mmumunyo wa sodiamu thiosalfeti, kisha ongeza sm³ 5 za asidi ya haidrokloriki yenye ukolezo wa 2 M. Anza kuhesabu sekunde papo hapo, tikisa kidogo, kisha tazama kutoka juu mpaka X isionekane.

```
Na2S2O3 + 2HCl → 2NaCl + H2O + SO2 + S
```

Kinachoficha X ni ile S ya mwisho, salfa, ambayo wazee wetu waliiita kiberiti kabla jina halijahamia kwenye njiti. Inatokea kama chembechembe ndogo za njano iliyopauka, na mmumunyo unakuwa kama maji yaliyotiwa maziwa. Gesi ya SO2 inawasha koo, kwa hiyo fungua madirisha, na mwenye pumu asiinamie bika. Ukimaliza, mwaga mara moja kwenye ndoo yenye maji ya magadi ili asidi iuawe na gesi ikome.

Hatua ya 3: Punguza ukolezo

Rudia kwa sm³ 25 za thiosalfeti, uongeze sm³ 25 za maji kabla ya asidi. Darasani kwangu, kwenye nyuzi 25 za selsiasi, mara ya kwanza X ilipotea baada ya sekunde 24. Mara hii ilichukua sekunde 49.

Kasi tunaipima kwa 1/t, kwa kuwa muda mrefu maana yake ni kasi ndogo. Kwa hiyo 1/24 ni 0.042 na 1/49 ni 0.020, yaani kasi imeshuka karibu nusu. Chembe za thiosalfeti zimekuwa nusu katika nafasi ileile, migongano nayo nusu. Nguvu ya kila mgongano haijabadilika. Hapa lile jibu la "hugongana mara nyingi" au "mara chache" ni sahihi kabisa.

Hatua ya 4: Pandisha halijoto

Rudi kwenye sm³ 50 za thiosalfeti bila maji. Weka bika kwenye sufuria ya maji ya moto mpaka mmumunyo ufike kama nyuzi 35, toa, weka juu ya X, ongeza asidi, pima halijoto baada ya kuchanganya. Sisi tulipata sekunde 13. Usivuke nyuzi 50, maana gesi inazidi na muda unakuwa mfupi mno kupimika vizuri.

Angalia hesabu hii. Nyuzi 10 tu zimeikaribisha kasi kuwa maradufu. Je, chembe zimegongana maradufu? Hapana. Mwendo wa chembe hufuata kipeuo cha pili cha halijoto ya kelvini. Kutoka 298 K hadi 308 K, kipeuo cha pili cha 308/298 ni 1.017. Migongano imeongezeka kwa asilimia 2 hivi. Asilimia 2 haiwezi kueleza kasi iliyokaribia kuwa mara mbili.

Fikiria matokeo ya mtihani wa darasa kubwa. Wengi wako katikati, waliopata A ni wachache pembeni. Wastani ukipanda alama chache tu, darasa kwa jumla halionekani kubadilika sana, lakini wenye A wanaweza kuwa mara mbili. Chembe ziko hivyohivyo. Zenye nishati ya kuvuka kiwango ni chache, na joto kidogo linaongeza sana idadi ya hizo chache. Kwa hiyo andika hivi kwenye mtihani: halijoto ikipanda, sehemu kubwa zaidi ya chembe huwa na nishati inayofikia au kuzidi nishati ya kuanzisha mmenyuko, hivyo migongano yenye matunda huongezeka. Kugongana mara nyingi zaidi kutaje baadaye.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Kwenye hatua ya 3 sisi tuliweka 25 za thiosalfeti bila maji, tukapata muda usioeleweka. Tulikosea wapi?

Jibu: Marahaba. Ukolezo hamkuupunguza ipasavyo. Sm³ 25 ndani ya jumla ya 30 hazipishani sana na 50 ndani ya 55. Tena kina cha mmumunyo kilipungua, na unapotazama kupitia kina kifupi unahitaji salfa nyingi zaidi kuficha X. Jumla ya ujazo ibaki 55 kila mara, na bika liwe lilelile.

Swali: Mlinganyo una 2HCl. Nikiongeza ukolezo wa asidi mara mbili, muda utakuwa nusu?

Jibu: Jaribu, utaona muda unabadilika kidogo tu. Mmenyuko huu unapita hatua kadhaa, na kasi inatawaliwa na ile ya polepole. Namba za mlinganyo zinakuambia kiasi kinachotumika. Kasi lazima uipime.

Swali: Mwalimu, kichocheo kinazipa chembe nishati zaidi?

Jibu: Hapana. Kinafungua njia nyingine yenye kiwango cha chini, kwa hiyo chembe zilezile, kwenye halijoto ileile, nyingi zaidi zinavuka. Tia kipande cha kiazi kibichi kwenye haidrojeni peroksaidi ya dukani ya asilimia 3, kitatoa mapovu ya oksijeni. Kisha rudia kwa kiazi kilichochemshwa na kupoa. Hakitoi mapovu, au hutoa machache mno, kwa sababu kimeng'enya kilichokuwa kichocheo kimeharibiwa na joto la kuchemsha.