Somo: Misimu ya harusi na sikukuu inavyovuta bei ya dhahabu, na namna ya kuipima kabla hujanunua

Kila Diwali ikikaribia husemwa maneno yaleyale: nunua mapema, Wahindi wakianza kununua bei itapaa. Kuna ukweli humo, ila umekaa kombo. Msimu huvuta bei, lakini huivuta mapema kuliko watu wanavyodhani, na mara nyingi huvuta bei ya dukani kuliko bei ya dunia. Tuanze na India, maana India na China ndiko vito vingi vya dhahabu vya dunia hii vinakonunuliwa, kisha turudi pwani kwetu.

Hatua ya kwanza: tenganisha bei mbili

Bei ya dunia hutajwa kwa dola kwa wakia moja, yaani gramu 31.1 za dhahabu safi ya karati 24. Bei ya dukani ni hiyo, ukiongeza ushuru na kodi, gharama ya ufundi na faida ya sonara. Ile inayozidi juu ya thamani ya dhahabu yenyewe mimi naiita pengo. Msimu wa harusi unaonekana vizuri zaidi kwenye pengo.

Fanya hesabu hii. Tuchukue wakia ni dola 4,000 na dola ni shilingi 2,500 za Tanzania. Gawa 4,000 kwa 31.1, unapata dola 128.6 kwa gramu. Bangili yako ni ya karati 22, kwa hiyo zidisha kwa 22, gawa kwa 24: dola 117.9, ambayo ni karibu shilingi 295,000. Sonara akikutajia 340,000 kwa gramu pamoja na ufundi, pengo ni 45,000, kama asilimia 15.

Sasa tuseme mwezi unaofuata, harusi zimeshika kasi, wakia imeshuka hadi dola 3,900. Dhahabu ya gramu moja ya karati 22 sasa ni kama 287,000, lakini sonara anasema 345,000. Pengo limefika 58,000, asilimia 20. Dhahabu imeshuka, na wewe unalipa zaidi. Bila hesabu hii ungerudi nyumbani ukisema dhahabu imepanda.

Hatua ya pili: weka kalenda, kisha irudishe nyuma

Siku kubwa za India ni Dhanteras, inayotangulia Diwali kwa siku mbili hivi, mwezi Oktoba au Novemba, na Akshaya Tritiya, Aprili au Mei. Zote zinaaminika kuwa siku za heri kununua dhahabu. Baada ya Diwali harusi hufunguka, wakati ambapo wakulima wameanza kuuza mavuno ya mvua za masika yao na wana pesa mkononi. Zipo pia siku za ukimya: majuma mawili ya kuwakumbuka wazee waliotangulia, Septemba, na kipindi cha katikati ya Desemba hadi katikati ya Januari ambapo wengi hawaozeshi. China nako watu hununua kuelekea Mwaka Mpya wao, Januari au Februari.

Watu wengi huangalia siku yenyewe, na hapo ndipo wanapokosea. Dhahabu ya kuuzwa Dhanteras haiagizwi siku hiyo. Waagizaji na masonara wa jumla huinunua majuma mengi kabla, ili mafundi wapate muda wa kuifua na kuisambaza. Ndiyo maana waliochunguza bei za 1981 hadi 2010 waliona Septemba ikiwa miongoni mwa miezi ya kupanda, wakati mnunuzi wa kawaida bado hajatoka nyumbani. Chukua sikukuu, rudi nyuma mwezi mmoja au miwili: hapo ndipo mvuto wa msimu ulipo. Siku ya sikukuu unakuta foleni tu.

Hatua ya tatu: tazama kama pengo linakubaliana na msimu

Huko India wafanyabiashara wa jumla hutaja nyongeza au punguzo juu ya bei rasmi ya ndani. Nyongeza maana yake dhahabu inagombaniwa. Punguzo maana yake wanunuzi wamejitoa, hata kama kalenda inasema ni msimu. Hili hutokea sana bei ya dunia inapopanda haraka: familia hazifuti harusi, zinapeleka bangili za bibi zikayeyushwe, au zinapunguza uzito wa kidani.

Mifano miwili ya kukaa nayo

Akshaya Tritiya ya 2020 ilikuwa tarehe 26 Aprili, India nzima ikiwa imefungiwa ndani kwa sababu ya korona. Maduka yalifungwa. Ingekuwa harusi na sikukuu ndizo zinazobeba bei ya dunia, dhahabu ingeanguka. Badala yake Agosti mwaka huo ilivuka dola 2,000 kwa mara ya kwanza, kwa sababu wawekezaji walikuwa wanakimbilia usalama na riba zilikuwa chini kabisa. Msimu ni mkondo mdogo. Ukikutana na mkondo mkubwa wa riba, dola au hofu, unamezwa.

Wa pili ni wa 2025. Dhanteras ilikuwa tarehe 18 Oktoba, bei ikiwa imeshapita dola 4,000. Tarehe 21, Diwali ikiisha, dhahabu ilianguka zaidi ya asilimia 5 kwa siku moja. Msimu haukuisababisha peke yake, maana bei ilikuwa imepanda kwa kasi mno na wengi walikuwa wanachukua faida. Lakini wanunuzi wa India walikuwa wameshamaliza ununuzi, na mto mmoja wa kuegemea ukawa umeondoka.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Tanga: Mwalimu, mwanangu anaoa Mfungo Mosi. Ninunue sasa au ningoje Ramadhani, wakati hakuna harusi?*

Shikamoo mama. Kwetu pwani msimu unafuata mwezi mwandamo, kwa hiyo kila mwaka unarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Usitumie kumbukumbu ya mwaka juzi. Harusi hujaa Shaaban na baada ya Idi. Ramadhani duka huwa tulivu kwa wanunuzi, lakini fundi tayari ana oda za Idi na Mfungo Mosi, na kazi ya haraka ndiyo inayopandisha ufundi. Ningekuwa wewe ningepeleka oda Rajabu, nikapatana ufundi mapema. Na kama unafuata kauli ya wanazuoni kwamba dhahabu inunuliwe mkono kwa mkono, usilipe kidogokidogo kwa seti moja. Nunua kipande kizima kila upatapo pesa, ukabidhiwe hapohapo.

*Kijana wa Mombasa: Kwa hiyo nikinunua bangili Juni na kuuza Oktoba, nitapata faida ya msimu?*

Hapana, ndugu yangu. Rudi kwenye hesabu: bangili ya gramu 10 umeinunua 3,400,000, dhahabu iliyomo ni 2,950,000. Ukiuza, sonara analipa uzito, ufundi haurudi, na bado atakata chake. Bei ya dunia ipande zaidi ya asilimia 15 ndipo urudishe pesa yako tu. Mvuto wa msimu wa kawaida haufiki hapo.

*Dada wa Muskat: Nina vidani vya zamani vya karati 21 na 18. Niviuze msimu gani?*

Dada, kwa muuzaji msimu hausaidii sana. Bei ya dunia ya siku hiyo ndiyo inayoamua. Vitenganishe kwa karati kabla ya kupima, maana vikichanganywa vyote vitalipwa kama 18. Mawe yatolewe, mzani uwe mbele yako. Kama unataka kubadilisha upate vipya, basi nenda nje ya msimu: duka lisilo na wateja ndilo linaloweza kukupunguzia ufundi.