Siku za konje zilizobaki: jinsi ya kuomba zisogezwe, na wakati gani zinalipwa

Mwaka 2024 nilikaribia kupoteza siku 8 za konje hapa Lubumbashi, nami nilikuwa nimeomba. Niliomba kwa mdomo, nikaomba kitu kisichoruhusiwa, tena nikachelewa. Kama umebaki na siku zako, soma kwanza kabla hujaandika barua.

Anza na tarehe uliyoajiriwa, iko kwenye kontra. Watu wengi wanahesabu hadi 31 Desemba, lakini Kodi ya Kazi ya 16 Oktoba 2002 inahesabu mwaka wako toka siku uliyoanza kazi. Mtu mzima anapata angalau siku 1 ya kazi kwa kila mwezi mzima, na siku 1 zaidi kwa kila miaka 5 kwa mwajiri yule yule. Kontra yako au mapatano ya kampuni yanaweza kukupa zaidi. Mimi niliingia 4 Aprili 2018. Kufika 4 Aprili 2024 nilikuwa na miaka 6, kwa hiyo siku 12 na 1, jumla 13. Mwezi wa Juni nilichukua 5, zikabaki 8.

Sheria inasema tarehe ya kwenda konje mnapatana wewe na mwajiri, lakini isipite miezi 6 toka haki yako ilipofunguka. Kwangu hiyo ni 4 Oktoba 2024. Kwa hiyo kusogeza siku maana yake ni kuomba tarehe nyingine ndani ya ile miezi, kwa maandishi, mapema.

Hapo ndipo nilipoumia. Septemba nilitaka kwenda, mkuu wa depo akaniambia, "Papa, ngoja inventeri iishe, siku zako ziko." Nilimwamini. Desemba nikaandika kwamba wanilipe zile 8. Januari jibu likaja: malipo hayawezekani, na hakuna alama yoyote kwamba niliwahi kuomba konje.

Juu ya malipo walisema kweli. Ukiwa bado kazini, konje haibadilishwi kuwa pesa, hata mkikubaliana wote wawili na kutia sahihi. Mapatano hayo hayana nguvu. Siku zinalipwa kontra inapokwisha, iwe umeacha au umeachishwa. Hapo uangalie mstari wa konje kwenye dekonti ya mwisho. Mshahara wa frangi 1 040 000 ukigawa kwa siku 26 unatoa 40 000 kwa siku, na siku 8 ni 320 000. Kama mstari huo haupo, dai bila kungoja: madai ya mshahara yanakufa baada ya mwaka 1.

Kilichoniokoa ni noti de servisi ya Septemba iliyozuia konje zote za depo kwa sababu ya inventeri. Mwenzangu mmoja alikuwa ameitunza. Nikaandika barua ya pili, nikaifunga pamoja na noti hiyo na fishi ya konje ya Juni. Barua inaandikwa kwa Kifaransa, kwa mkurugenzi, kopi kwa delege wa sendika. Usijaze maelezo mengi. Taja tarehe ya kuajiriwa, siku ulizostahili, ulizochukua, zilizobaki, nani alikuzuia na kwa karatasi gani, kisha tarehe kamili unazotaka. Mimi niliomba toka Jumatatu 10 Februari 2025 hadi Jumanne 18 Februari, kurudi kazini tarehe 19. Jumamosi inahesabiwa kama siku ya kazi, Jumapili hapana. Usiandike "zinilipwe au zisogezwe", maana watashika lile neno la kulipwa na kukataa barua nzima.

Sasa akize, yaani alama kwamba wamepokea barua yako. Chapa barua mara mbili. Sekretere anabaki na moja, ile yako anaitia muhuri, tarehe na sahihi mbele ya macho yako. Akikuambia, "Acha hapa, patron atasoma," mjibu kwa heshima: "Mama, nitangoja muhuri." Mimi nilingoja saa mbili, na ningengoja siku nzima. Barua yangu ya Desemba niliiacha mezani bila muhuri, na hata leo hawakubali kwamba waliiona mapema.

Wiki mbili zikipita kimya, peleka barua ya kukumbusha, nayo na akize, halafu umwone delege. Ikishindikana, nenda kwa Enspeksioni ya Kazi na kopi zote. Mkaguzi anawaita pande mbili kupatanisha na kuandika prose-verbali. Bila hatua hiyo tribinali ya kazi haipokei kesi yako. Mimi sikufika huko. Walipoona noti yao wenyewe imefungwa kwenye barua, walitia sahihi siku ya tisa toka nilipoipeleka, nami nikaenda konje tarehe 10 kama nilivyoomba.