Ukilinganisha picha za usiku, anza na kibao cha duka

Juzi mimi na mdogo wangu tulisimama Majengo, hapa Dodoma, tukapiga mtaa uleule kwa simu mbili, zote zikiwa kwenye hali ya usiku. Kwenye kioo picha yake ilionekana safi, yangu ina chenga angani. Nilikaribia kukubali kushindwa.

Tukavuta picha hadi kibao cha duka kikawa na ukubwa sawa kwenye simu zote mbili. Usiruke hapo, maana picha yenye pikseli nyingi ukiivuta hadi mwisho utaiona chafu kuliko ilivyo. Kwake namba ya simu iliyoandikwa kwa herufi ndogo ilikuwa imeyeyuka, na ukuta wa matofali uko kama umepakwa nta. Simu ilifuta chenga ikafuta na maandishi. Kwangu namba inasomeka. Kwa hiyo chenga zitazame angani na kwenye vivuli, lakini ukali utazame kwenye maandishi ya kitu kisichotembea. Bodaboda inayopita usiihesabu: hali ya usiku huunganisha picha kadhaa zilizopigwa kwa kufuatana, na kinachotembea huacha ukungu.

Rangi ndiyo hudanganya wengi. Chini ya taa za sodiamu ukuta mweupe huonekana wa chungwa. Simu ikiutoa mweupe kama saa sita mchana, imependeza ila imeongopa. Andika rangi unazoziona palepale, kabla hujarudi nyumbani.

Mkitumiana kwa WhatsApp, tumeni kama faili. Picha ya kawaida hubanwa, na herufi ndogo ndizo hufa kwanza.