SOMO: Kumjua mwenye tangazo usilolifahamu kwa kutafuta kwa picha ya nembo yake

Naandika hili mara moja nipumzike. Tangu msimu wa kupulizia mikorosho dawa uanze sipitishi siku mbili bila mtu kunitumia picha ya bango na swali lile lile: "Eti hawa ni akina nani?" Kuanzia leo jibu langu ni kiungo cha ukurasa huu.

1. Pata picha safi. Ya bango la ukutani, simama usawa wake na ukwepe mwanga unaong'aa. Ya WhatsApp, mwombe aliyenayo aitume kama faili, maana ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa na ukungu unaongezeka.

2. Kata nembo peke yake. Ukitafuta bango zima utaletewa kilichojaa ndani ya bango: mikorosho, matrekta, mkulima anayecheka. Kata vipande viwili, kimoja nembo pamoja na jina, kingine mchoro tupu. Acha nafasi kidogo pembeni, usichinje kingo.

3. Tafuta mahali pawili. Kwanza Google Lens: fungua programu ya Google, gusa alama ya kamera, chagua picha, kisha vuta kona za fremu zibaki kwenye nembo tu. Yakija majibu gusa "Exact matches", la sivyo utabaki unatazama vitu vilivyofanana tu. Pili, nenda tineye.com upakie kipande chako, halafu panga majibu kwa "Oldest". Lens hukisia vitu vinavyofanana. TinEye yenyewe husaka picha ile ile, hata ikiwa imepunguzwa au kuguswaguswa rangi. Ndiyo maana nataka zote mbili.

4. Soma majibu. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo tulia.

Baba yangu mdogo yuko Tandahimba. Msimu mmoja alinitumia tangazo la salfa ya unga, mifuko ya kilo 25, bei ya chini kwa atakayelipa mapema. Nikakata nembo, nikatafuta, na jibu la kwanza kabisa lilikuwa kiwanda halisi cha nje ya nchi, chenye tovuti na picha za maghala. Nembo ile ile, rangi ile ile. Nikamjibu kwa kujiamini: "Baba, kampuni ipo, ni kubwa." Akalipa laki moja na nusu. Salfa haikuja, namba ikazimwa, na ubwiri unga ukala maua ya mikorosho yake huku mimi nikijiita mtaalamu.

Kiwanda kilikuwa cha kweli. Ila nilikuwa nimempata mwenye nembo, nikadhani nimempata mwenye tangazo. Utafutaji wa picha unakuonyesha picha imewahi kuonekana wapi, basi. Haukwambii aliyeibandika kwenye bango la Tandahimba ana uhusiano gani na kule ilikotoka. Mwizi mwenye akili hachori nembo mpya, anachukua ya mtu mwenye heshima zake, kwa sababu anajua kuna watu kama mimi watakaotafuta na kuridhika.

Dalili zilikuwepo, sikuzitazama. Nembo ilikuwa na kiboksi cheupe nyuma yake juu ya bango la kijani, yaani imenyofolewa kwenye tovuti. Mwenye nembo yake ana faili safi lisilo na mandhari. Tena kwenye tovuti ya kiwanda nembo ilikuwa imeshabadilishwa herufi, bango likabaki na ile ya zamani. Wakala halali hupewa nembo ya sasa.

Kwa hiyo ukimpata mwenye nembo, safari ndiyo kwanza inaanza. Chukua mawasiliano kwenye tovuti yake, USITUMIE yaliyo kwenye bango, umuulize kama ana wakala Mtwara au Lindi na namba ya wakala huyo. Kama ni dawa ya shambani, uliza pia jina la kiuatilifu, ulithibitishe kwa TPHPA, mamlaka ya serikali ya viuatilifu, kama kimesajiliwa. Asipokujibu, usilipe.

5. Ukikuta nembo moja ina wenyewe kumi. Hili nalo linawachanganya watu, kwa upande wa pili.

Mwaka jana nilikuta bango kwenye nguzo karibu na stendi ya Masasi: wanakodisha mashine za kupulizia mikorosho, pamoja na mtu wa kuiendesha. Jina sijawahi kulisikia, nembo ni jani la kijani linalogeuka tone la maji. Bango zima kwenye Lens likaniletea mashine za kupulizia za dunia nzima. Nikakata jani. Likaja duka la juisi, likaja zahanati, ikaja kampuni ya usafi, kila moja na jina lake na jani lile lile. TinEye, kwa "Oldest", ikanipeleka kwenye tovuti inayouza michoro ya nembo, jani langu limepigwa alama ya maji katikati.

Wengi wakifika hapa hupiga kelele "matapeli!" Polepole. Nembo ya kununua maana yake mwenye biashara hakuajiri mchoraji. Haikuthibitishii chochote, wema wala ubaya. Jani lile lilikuwa limefika mwisho wake, ikabidi nitafute uzi mwingine kwenye bango lile lile.

Nao ulikuwa kona ya chini kulia: kijinembo kidogo kuliko ukucha, cha aliyechapa mabango. Watu hawakitazami kabisa. Nikakikata, na Lens ikaleta ukurasa wa Facebook wa mchapaji wa Mtwara mjini. Nikampigia, nikamwambia nataka kukodi mashine, ila namba ya kwenye bango imefutika kwa mvua (ni kweli, ilikuwa imefutika nusu). Akacheka, akasema hao wako Mkuti, huko huko Masasi, akanipa jina kamili walilolipia kazi. Jina hilo nikalitafuta kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, ors.brela.go.tz, nikalikuta kwenye majina ya biashara. Nikaenda Mkuti, nikakuta mashine nne na kijana anafungua kabureta.

Yaani nembo ya kweli ilikuwa ya wizi, na nembo ya kuchovya ilikuwa ya watu waungwana.

6. BRELA. Tafuta pande zote mbili, kampuni na majina ya biashara, kwa sababu ni daftari tofauti. Watu hutafuta upande mmoja wakasema "haipo".

Maswali yaje. Soma kwanza.

---

Dafu la Mikindani: Mkuu nimeweka picha haileti kitu. Nisaidie.

Mwandishi: Umekata nembo?

Dafu la Mikindani: Nimeweka bango lote.

Mwandishi: Hatua ya 2.

Bi Nachingwea: Asante kwa somo kaka. Nina swali: hiyo "Oldest" ya TinEye ndiyo inaonyesha nani alikuwa wa kwanza kuitumia nembo? Maana naona tarehe.

Mwandishi: Dada, swali zuri, nilipaswa kuliandika juu. Hapana. Ile tarehe ni siku ambayo mashine za TinEye ziliiona picha hiyo kwa mara ya kwanza zikipita mtandaoni. Mtu anaweza kuwa na nembo miaka kumi kwenye tovuti ambayo TinEye haijapita, na mwizi wake akaonekana mapema kwa sababu aliiweka kwenye tovuti kubwa. Ichukue kama fununu ya pa kuanzia. Ukitaka kujua aliyeisajili kisheria, jaribu branddb.wipo.int, wanakubali kupakia nembo na kuilinganisha na alama za biashara zilizosajiliwa nchi mbalimbali. Ila wafanyabiashara wadogo wengi hawasajili nembo, kwa hiyo ukikosa huko usihukumu.

Bi Nachingwea: Nimeelewa. Na nembo ikiwa ni maandishi tu, bila mchoro?

Mwandishi: Hapo picha haina kazi kubwa. Andika maneno yenyewe kwenye kikasha cha kutafutia, yafunge kwa alama za kunukuu, uongeze mji. Yakiwa ya Kichina au Kiarabu, Lens inaweza kuyasoma na kuyanakili, nawe ukayabandika.

Chuma Ulete Lindi: Mizunguko yote ya nini? Si upige namba ya kwenye tangazo uwaulize ni kina nani.

Mwandishi: Baba mdogo alipiga. Walimjibu vizuri sana.

Chuma Ulete Lindi: Sijasema wewe ni mjinga, usikasirike.

Mwandishi: Sijakasirika. Nimejibu.

Kilwa Kivinje: Mimi langu limekuja Facebook, limeandikwa limedhaminiwa. Nembo ni mduara tu wenye herufi, Lens imenipa miduara mia.

Mwandishi: Kwa la Facebook usihangaike na nembo kwanza. Fungua ukurasa uliolipa tangazo, ingia sehemu ya "Page transparency". Utaona ulifunguliwa lini, umewahi kuitwa jina gani, na mara nyingi wanaouendesha wako nchi gani. Kisha facebook.com/ads/library, weka nchi na jina, uone matangazo mengine wanayoendesha sasa. Ukurasa wa "mikopo ya wakulima" uliokuwa ukiitwa jina la vichekesho mwezi uliopita hauhitaji utafiti zaidi.

Kilwa Kivinje: Aisee. Ulikuwa unaitwa "Mapishi ya Pwani".

Mwandishi: Haya.

Fundi Redio: Nyongeza: nembo nyingine huwa zimegeuzwa kama kwenye kioo ili zisikamatwe. Igeuze mwenyewe kwenye programu ya kuhariri picha, tafuta tena. Mimi nilimnasa mtu hivyo.

Mwandishi: Hii sikuiweka, ahsante fundi. Ijaribu mtu anapokosa kabisa.

Dafu la Mikindani: Nimekata. Imeleta kampuni ya Dar, jina ni lile lile la bango. Nilipe?

Mwandishi: Hatua ya 4, aya ya mwisho. Umepiga namba ya kwenye tovuti yao?

Dafu la Mikindani: Bado. Ila kwenye bango kuna Lipa Namba.

Mwandishi: Basi anza kama unalipa, uone jina linalojitokeza kabla ya kuweka PIN, kisha ughairi. Niambie limetoka jina gani.

Dafu la Mikindani: Limetoka jina la saluni.

Fundi Redio: 😂😂

Mwandishi: Funga simu, ukapulizie mikorosho.