Somo: Diwani akipokea malalamiko, amwambie nani na aishie wapi

Mpaka kati ya diwani na mkurugenzi mtendaji huvukwa zaidi kwenye simu kuliko ukumbini. Mkazi analalamika, diwani anampigia mhandisi, mhandisi anahamisha greda, na kabla ya jua kuzama halmashauri imeshaamua jambo ambalo hakuna kikao kilichoketi kuliamua. Kwa hiyo tutafuata lalamiko moja tangu lilipofika kwa diwani hadi lilipojibiwa.

Tuchukue mfano. Baraza la madiwani limepitisha bajeti ya makalavati 10 na vigezo viwili vya kuchagua mahali pa kuyaweka: kwanza, siku ambazo barabara hukatika wakati wa mvua, pili, kama barabara hiyo inaelekea shuleni au zahanati. Mkurugenzi, kupitia idara ya ujenzi, amepanga orodha kwa vigezo hivyo. Mtaa wa diwani mmoja umeangukia namba 13, yaani umekosa. Wakazi wamemjia juu.

Hatua ya 1: Pambanua kama unagusa kanuni au jambo moja

Jiulize: ninachotaka kibadilike kitawahusu wote, au mtaa huu peke yake? Vigezo, idadi ya makalavati na fedha zake ni kanuni, na kanuni ni kazi ya baraza. Mtaa upi uko namba ngapi, greda liende wapi Jumatatu na fundi gani apangwe, huo ni utekelezaji, na utekelezaji ni wa mkurugenzi.

Woodrow Wilson aliandika mwaka 1887 kwamba maswali ya utawala si maswali ya siasa, na wengi wakaichukua kauli hiyo kama ukuta. Kazini hakuna ukuta. Mkurugenzi ndiye anayeandaa rasimu ya bajeti na vigezo kabla havijafika barazani, na baraza nalo lina haki ya kujua kama makalavati yamejengwa. Kinachotenganishwa ni neno la mwisho: kwenye kanuni ni la baraza, kwenye jambo mojamoja ni la mkurugenzi.

Hatua ya 2: Uliza, usiagize

Katika mfumo wa baraza na meneja, ulioanza Marekani katika mji wa Staunton mwaka 1908, hati nyingi za miji zina kifungu kinachofanana: mjumbe wa baraza anaweza kuomba taarifa, lakini hatoi amri kwa mtumishi aliye chini ya meneja, hadharani wala faraghani. Kifungu hicho kinafaa popote.

"Kwa nini mtaa huu ni namba 13?" ni swali. "Anzeni hapa Jumatatu" ni amri. Kuna aina ya tatu, na hiyo ndiyo inayoleta madhara zaidi: "Bado hamjaanza tu?" Ikirudiwa mara tatu kwa wiki kwa ofisa mdogo, anayejua kwamba muulizaji hupigia kura bajeti ya idara yake, itasikika kama amri hata kama mwenye kuuliza hakukusudia hivyo. Ndiyo maana swali lolote linalozidi kuomba nakala ya waraka lipitie kwa mkurugenzi.

Hatua ya 3: Andika, tena andika ukweli unaoweza kukaguliwa

Barua ya diwani wetu ingetosha kuwa hivi:

"Kipande cha mita 40 karibu na shule kilifungwa na maji kwa siku 9 msimu uliopita. Orodha inaonyesha siku 4. Naomba takwimu hizi zihakikiwe, na nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 7."

Angalia kwamba haombi kalavati. Anapinga takwimu. Kwa barua hiyo mkurugenzi ana kitu cha kukagua, na diwani ana nakala ya kuwaonyesha wakazi.

Hatua ya 4: Jibu la mkurugenzi

Mkurugenzi anamtuma mhandisi akahakiki. Zikithibitika siku 9, orodha inapangwa upya kwa vigezo vilevile. Hapo haihitajiki kura, ila kamati ya kudumu inapewa taarifa inayotaja mtaa ulioingia na mtaa uliotoka, kwa sababu diwani wa mtaa uliotoka naye atalalamika, na ana haki.

Zikithibitika siku 4, jibu linabaki namba 13. Kama diwani anaona kigezo chenyewe hakitendi haki, mahali pake ni barazani: alete hoja kwamba, kwa mfano, idadi ya kaya nayo ihesabiwe. Kikipita, kitatumika kwa mitaa yote, na huenda mtaa wake ukashuka hadi namba 15. Huo ndio uzito wa kutunga kanuni.

Inapoharibika

Tuseme diwani hakuandika barua, akapiga simu. Hati ya kutolea vifaa stoo inasema mabomba yamekwenda barabara namba 4, lakini mabomba yamelala barabara namba 13. Mkaguzi akifika, anayejibu ni mkurugenzi kama afisa masuuli, na sauti ya diwani haipo kwenye karatasi yoyote. Ukitaka kugundua mapema, linganisha mambo matatu kila mwezi: orodha iliyopitishwa, hati za stoo na kitabu cha safari cha greda. Yasipokubaliana, tafuta nani alipiga simu.

Kosa la upande wa pili nalo ni zito. Kuna wakurugenzi wanaolitumia neno "utawala" kuficha taarifa, au wanaogawa ripoti nene asubuhi ya kikao. Dawa yake ni azimio linalotaja takwimu zipi, za kipindi kipi, na zifike kwa madiwani siku ngapi kabla ya kikao. "Baraza limeelekeza taarifa itolewe" halimbani mtu yeyote.

Maswali ya wanachama

*Diwani anaruhusiwa kwenda eneo la ujenzi?*
Anaruhusiwa kwenda kuona. Asimwelekeze mkandarasi. Akisema "ongezeni mita mbili hapa" na mkandarasi akaongeza, kesho inakuja madai ya malipo ambayo hayamo kwenye mkataba, na mashahidi wapo.

*Na kwenye zabuni?*
Baraza lipitishe bajeti na lipokee taarifa za utekelezaji. Kulinganisha wazabuni liwaachie watumishi. Afrika Kusini imeweka wazi jambo hili katika sheria yake ya fedha za manispaa ya mwaka 2003, kifungu cha 117: diwani hawezi kuwa mjumbe wa kamati ya zabuni ya manispaa, wala kuhudhuria kikao chake hata kama mtazamaji. Ukali huo una sababu. Kuwepo kwake tu kunawaelekeza wajumbe wamtazame nani.

*Mkurugenzi akiona azimio ni baya, afanye nini?*
Atofautishe baya na haramu. Kama haliafiki tu, atoe ushauri kabla ya kura, kisha alitekeleze kama lilivyopita. Kama linavunja sheria, aliandikie baraza akitaja kifungu kinachovunjwa, na alirudishe lijadiliwe upya. Kulikalia kimya hadi mwaka wa fedha uishe ni kujipa kura ambayo hakuna aliyempa.

*Mwenyekiti wa halmashauri si bosi wake?*
Inategemea sheria ya mahali, kwa sababu wapo mameya wenye madaraka ya utendaji. Pale mwenyekiti anapoongoza vikao tu, bosi ni baraza likiwa limeketi na akidi imetimia. Mwenyekiti akitaka mtaa namba 13 uhamie namba 10, aandike barua ileile ya hatua ya 3, naye asubiri siku 7.